R ya Kiingereza: ipi utamke, ipi uiache

Tazama neno letu *dereva*. Kwa Kiingereza ni *driver*, lenye r mbili. Ya kwanza inafuatwa na irabu, tukaichukua. Ya pili iko mwisho wa neno, na Waingereza tuliolisikia kwao hawakuitamka, kwa hiyo haikutufikia. Ndivyo pia *card* ilivyokuwa kadi, *shirt* ikawa shati na *spare* ikawa spea. Mwongozo huu ni kwa anayesoma Kiingereza kwa sauti, redioni, darasani au mbele ya maikrofoni, na anataka r zake zikae mahali pake.

Hatua ya 1: Chagua lafudhi moja

Lafudhi za Kiingereza ziko za aina mbili kubwa. Sehemu kubwa ya Uingereza, Australia na Afrika Kusini huacha r zisizofuatwa na irabu. Uskoti, Ayalandi, Kanada na sehemu kubwa ya Marekani huzitamka zote. Kiingereza cha Kenya na Tanzania kwa kawaida kimefuata kundi la kwanza.

Usidhani kuacha r ni uvivu, wala kuitamka si alama ya usomi. New York ilikuwa mji wa kuacha r, kisha upepo ukageuka. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov alizunguka maduka makubwa matatu ya mji huo akiuliza bidhaa ambayo alijua iko ghorofa ya nne, ili wauzaji wajibu *fourth floor*. Katika duka la matajiri r zilisikika zaidi, na katika duka la bei nafuu kidogo kabisa. London mambo ni kinyume: lafudhi ya heshima ndiyo inayoacha.

Hapa chini nitafuata lafudhi ya London, kwa kuwa ndiyo yenye kanuni za kujifunza.

Hatua ya 2: Zungushia kila r, kisha sikiliza kinachofuata

Chapisha matini yako, chukua penseli, zungushia kila r. Kwa kila moja uliza swali moja tu: *sauti* inayofuata ni irabu? Kama ndiyo, itamke. Kama ni konsonanti, au kama hakuna kitu baada yake, iache.

Nimesema sauti, sikusema herufi. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hujikwaa. *Care* imeandikwa kwa e mwishoni, lakini e hiyo haitamkwi, kwa hiyo r iko mwisho na inaachwa: *kea*. *Cared* nayo ni *kead*, kwa sababu baada ya r sikio linapata d. Lakini *caring* ina irabu halisi baada ya r, nayo inarudi: *kearing*. Neno ni lile lile, r inakwenda na kurudi kwa kufuata jirani yake.

Hatua ya 3: Vuka mpaka wa maneno

Kanuni hii haisimami kwenye nafasi nyeupe kati ya maneno. R ya mwisho wa neno huamka pale neno linalofuata linapoanza kwa irabu, na huunganishwa nalo. *Four* peke yake ni *foo*. *Four houses* bado haina r, kwa sababu h inasikika. Lakini *four hours* ina r, maana h ya *hours* ni bubu: *foo-rauaz*. Kinyume chake, *for university* haina r ingawa u imeandikwa, kwa sababu neno hilo huanza kwa sauti ya y.

Ukipumzika kati ya maneno mawili, kiungo kinakatika na r haiji. Kwa hiyo weka alama za pumzi kabla ya kuweka alama za r.

Hatua ya 4: Fanyia kazi sentensi nzima

Chukua hii, uisome bila kupumzika katikati:

*My father and Peter parked the red car near our door for an hour.*

Kuna r kumi. *Father* inakutana na *and*: tamka. *Peter* inakutana na p: acha. *Parked* ina k baada ya r: acha. *Red*: tamka. *Car* inakutana na n: acha. *Near* inakutana na *our*, inayoanza kwa irabu: tamka. *Our* inakutana na d: acha. *Door* inakutana na f: acha. *For* inakutana na *an*: tamka. *Hour* iko mwisho: acha. Zinabaki nne:

*Mai faadha-ran Pita paakt dha red kaa nia-raua doo fa-ran-aua.*

Mmarekani au Mskoti angezitamka zote kumi.

Hatua ya 5: Lipa deni la irabu

R ikiondoka huacha urefu nyuma yake. *Card* ni *kaad*, yenye a ya kuvuta kama ya kitenzi *kaa*. Ukiifupisha, Mwingereza anasikia *cud*, neno jingine kabisa. Ukiona watu wanakuuliza "umesemaje?" kwenye maneno ya namna hii, angalia urefu wa irabu kabla ya kuangalia r.

Hatua ya 6: R isiyoandikwa

Sikiliza mtangazaji wa London akitaja *Kenya and Uganda* kwa haraka. Mara nyingi utasikia *Kenya-ran Yuganda*. Hajakosea kusoma. Kwake *Kenya* inaishia kwa sauti ile ile ya *father* na *Peter*, na maneno hayo hutoa r mbele ya irabu. Sikio halijui tahajia, kwa hiyo kanuni inalishika neno lolote lenye mwisho huo. Hutokea pia baada ya o ndefu, kama *law and order*, inayotoka *loo-ran ooda*. Haitokei baada ya i au u: katika *see it* kiungo ni y, na katika *do it* ni w.

Ushauri wangu: uitambue ukiisikia, lakini usiilazimishe kinywani mwako. Wapo Waingereza wenyewe wanaoichukia, na msomaji anayeiacha hatamshangaza mtu. Ila ukiamua kusoma kwa lafudhi ya Marekani, ifute kabisa. Kule r haitamkwi pasipokuwa nayo kwenye neno, na *Kenya-ran* itakuumbua mara moja.

Hatua ya 7: Jirekodi na ukague

Rekodi sentensi ya hatua ya 4 kwa simu, kisha sikiliza *parked* na *car* tu. Kosa la kawaida kwetu ni kugonga ufizi kwa ncha ya ulimi, kama katika *karata*. Kwa London, ulimi hapo utulie. Kwa Marekani usonge nyuma au ujikunje, lakini ncha yake isiguse juu popote.

Sikio likikudanganya, fungua rekodi katika programu ya bure ya Praat na utazame picha ya sauti. Hesabu mistari myeusi ya mlalo kutoka chini. R ya Kimarekani huushusha mstari wa tatu waziwazi, mara nyingi hadi chini ya Hz 2,000. Ukisoma *car* ya London na mstari huo ukazama, bado una r mdomoni.