Kupima kipenyo cha shafti nene kwa utepe wa chuma

Leo nilihitaji kipenyo cha shafti ambayo venia kalipa yetu haiifikii. Zungusha utepe mwembamba wa chuma, anza kwenye alama ya 100 mm badala ya ncha yenye ndoana, uvute ukaze, kisha toa hiyo 100 kwenye usomaji. Gawa mzingo kwa 3.1416, halafu toa unene wa utepe, maana utepe hauzunguki juu ya chuma chenyewe bali nje yake kidogo. Wengi husahau hapo. Mimi, baada ya kutoa 100, nilipata mzingo wa 1258 mm. Kugawa ikatoa 400.43, utepe una unene wa 0.2 mm, basi kipenyo ni 400.23 mm.

Uzuri wake ni kwamba ukikosea 1 mm kwenye mzingo, kipenyo kinakosea 0.32 mm tu. Lakini kwa kuchagua beringi hiyo bado ni nyingi, tafuta maikromita kubwa. Utepe ukikaa mshazari, namba inazidi. Ukipita juu ya mfereji wa kii, inapungua. Na shafti iliyolika ikawa kama yai itakupa wastani tu, bila kukuonyesha ubovu.