Somo: Mkristo anapoiandikia rambirambi familia ya Kiislamu

Ndugu wanachama, miaka kadhaa iliyopita hapa Bukavu tulifiwa na mwalimu mwenzetu aliyekuwa Mwislamu, nami nikapewa kazi ya kuandika kwa niaba ya walimu. Niliandika maneno niliyoyazoea tangu utoto parokiani: “Bwana Yesu awafariji, mwanga wa milele umwangazie, nasi tutamwombea katika misa ya Jumapili.” Tulipoifikisha barua Kadutu, kijana mkubwa wa marehemu aliisoma kwa sauti mbele ya wazee waliokaa mkekani, akafika kwenye neno “misa”, akanyamaza, kisha akaikunja taratibu. Hawakutulaumu, lakini niliona kwamba tulikuwa tumewapelekea faraja yetu, si yao.

Hatua ya kwanza ni kuwahi. Waislamu huzika mapema, mara nyingi siku ileile ya kifo, na kwa kawaida hupokea pole kwa siku 3. Sisi tuliozoea matanga marefu, mwili ukiwa bado morgi, huchelewa bila kujua. Tuma ujumbe mfupi wa simu mara usikiapo habari, na barua ifuate ndani ya siku hizo.

Hatua ya pili, iliyo ngumu kuliko zote, ni kuchagua maneno ambayo wewe unayaamini na wao wanayapokea. Bahati njema, Kiswahili kimetuwekea mengi. “Mwenyezi Mungu” ni jina tunalolitumia sote. “Marehemu” lenyewe linatokana na rehema, kwa hiyo ukiandika “Mwenyezi Mungu amrehemu” unaomba jambo lile ambalo wao wanaliomba, wala hujasema lolote lililo kinyume cha imani yako. “Awape subira” lina uzito wa pekee kwao, kwa sababu subira ndiyo inayotakiwa kwa aliyefiwa. Acha “Bwana Yesu”, “misa” na “utuombee huko uliko”, kwani Mwislamu humwombea maiti wake, hamwombi maiti amwombee yeye. Acha pia kadi zilizochapwa msalaba. Karatasi nyeupe ya daftari, iliyoandikwa kwa mkono safi, inatosha.

Hatua ya tatu ni kumfikiria mjane. Atakaa eda miezi 4 na siku 10, au mpaka atakapojifungua ikiwa ni mjamzito, na katika muda huo hubaki nyumbani isipokuwa kwa haja. Kwa hiyo usimwalike kwenye kikao cha kumkumbuka mumewe shuleni, kama tulivyofanya sisi mwishoni mwa barua yetu. Sema kwamba mtamfuata nyumbani, na mtume akina mama.

Leo ningeiandika hivi:

“Kwa Mama, watoto na jamaa wote wa marehemu. Sisi walimu wenzake tumepokea kwa huzuni kubwa habari ya kufariki kwa ndugu yetu. Alikuwa wa kwanza kufika darasani, hata siku za mvua, na wanafunzi wake wanalijua hilo. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe makosa yake, na awape nyinyi subira. Akina mama wa shule watakuja kumpa Mama pole nyumbani, wakati utakaowafaa.”

Sentensi ile ya kufika darasani ndiyo ya kwenu peke yenu. Usiikose, maana dua wataletewa na wengi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama mmoja wa Goma: Je, mimi Mkatoliki naweza kuandika “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun”?

Jibu: Mama, hayo ni maneno ya Kurani, sura ya 2, aya ya 156, na maana yake ni kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Sioni ubaya, lakini yaandike kamili na bila kosa. Ukisitasita, andika maana yake kwa Kiswahili. Itasomwa vizuri zaidi kuliko Kiarabu kilichokatika.

Kaka wa Lubumbashi: Nilikuwa safarini, nimesikia baada ya wiki 2. Niandike?

Jibu: Andika, kaka. Wanazuoni wengi hawapendi pole zirudiwe baada ya siku 3 kwa sababu zinafungua jeraha upya, ila humtoa aliyekuwa mbali au asiyepata habari. Taja sababu kwa sentensi moja, omba rehema, umalize hapo.

Ndugu Mwislamu wa Bukavu: Nasi tukiwaandikia Wakristo?

Jibu: Ndugu yangu, uliza kwanza ni Wakristo gani. Wakatoliki watafurahi ukimwombea marehemu rehema. Waprotestanti wengi hawaombei wafu, kwa hiyo elekeza dua yako kwa waliobaki: “Mwenyezi Mungu awafariji na kuwatia nguvu.” Maneno hayo hata Wakatoliki watayapokea, ukikosa wa kumuuliza.