Kabla ya kupanda: utabiri umesema ukame au kipindi cha ukavu?

Mkulima anaposikia kwenye utabiri wa msimu kwamba "mvua zitakuwa za wastani, lakini vipindi virefu vya ukavu vinatarajiwa", mara nyingi hushika nusu ya kwanza ya sentensi na kuiacha ya pili. Mwingine husikia neno ukavu, akadhani ametangaziwa ukame, akaacha kupanda kabisa. Wote wawili wanaweza kupoteza msimu, kwa sababu ukame na kipindi cha ukavu hupimwa kwa njia tofauti na hujibiwa kwa maandalizi tofauti.

Kipindi cha ukavu huhesabiwa kwa siku zinazofuatana. Siku ambayo mvua haikufika milimita 1, yaani lita moja kwa kila mita moja ya mraba, kwa kawaida huhesabiwa kuwa siku kavu. Zikifuatana siku kama hizo katikati ya msimu, hicho ni kipindi cha ukavu, hata kama mvua kubwa imetangulia na nyingine inakuja. Ukame hauhesabiwi hivyo. Hupimwa kwa jumla ya mvua ya mwezi, msimu au mwaka, ikilinganishwa na jumla ya kawaida ya mahali hapo hapo kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilihimiza nchi zitumie kipimo kiitwacho SPI. Sifuri ni mvua ya kawaida, na thamani ikishuka hadi -1 au chini yake, hapo ukame huanza kutajwa. Kwa hiyo eneo ambalo siku zote hupata mvua kidogo halina ukame kila mwaka. Ukame ni pale linapopata kidogo kuliko kawaida yake lenyewe.

Jambo la kwanza la kuangalia, basi, ni utabiri ulio mkononi unazungumzia muda gani. Utabiri wa msimu hukupa mwelekeo wa jumla: juu ya wastani, wastani, au chini ya wastani. Unaweza kukuonya kwamba siku kavu zitakuwa nyingi, ila hauwezi kukutajia wiki zitakapoangukia. Hilo hutafutwa kwenye utabiri wa siku 10 na ule wa siku chache, ambao lazima uendelee kufuatiliwa baada ya mbegu kuingia ardhini. Anayesikiliza taarifa ya mwanzo wa msimu peke yake amejiandaa kwa ukame tu. Kipindi cha ukavu kitamkuta hana habari.

Jambo la pili, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kujua shamba lako linaweza kukaa siku ngapi bila mvua. Tuchukue shamba la mahindi kwenye udongo wa tifutifu. Udongo wa namna hiyo hushika takribani milimita 150 za maji yanayofikiwa na mmea katika kila mita moja ya kina. Mizizi ikiwa imeshuka sentimita 60, akiba ni milimita 90. Mahindi hayanywi akiba yote kwa raha. Nusu ya kwanza, milimita 45, hupatikana kwa urahisi, na baada ya hapo mmea huanza kubana matumizi na ukuaji hupungua. Yakiwa yamefunga kivuli na jua ni kali, mahindi hutumia kama milimita 5 kwa siku. Gawanya 45 kwa 5, utapata siku 9. Fanya hesabu hiyo hiyo kwenye kichanga kinachoshika milimita 80 kwa mita, na siku zinabaki 5 hivi. Utabiri ukisema siku 10 zijazo ni kavu, jirani wawili wenye udongo tofauti wamepewa habari mbili tofauti. Hesabu hii inadhani udongo ulikuwa umeshiba maji siku ya mwanzo. Kama mvua ya mwisho ilikuwa manyunyu, anza na akiba ndogo zaidi.

Siku hizo 9 hazina uzito sawa wakati wote. Mahindi machanga yakinyauka kidogo huweza kujirudi. Yanapotoa mbelewele na ndevu hali ni nyingine. Chavua humwagika kwa siku chache, na mmea wenye kiu huchelewesha ndevu, kwa hiyo zinapotoka chavua imekwisha na gunzi hubaki na punje za kuhesabu. Mvua ikirudi wiki inayofuata, majani yatapendeza lakini punje hazitarudi. Hivi ndivyo msimu unavyoweza kufunga na jumla ya mvua ya wastani, SPI karibu na sifuri, rekodi isionyeshe ukame wowote, na ghala likawa tupu.

Dalili zinaonekana shambani. Majani yakijikunja saa za mchana na kufunguka jioni, mmea unajikinga na joto. Ukiyakuta bado yamejikunja asubuhi na mapema, akiba ya udongo imekaribia kwisha.

Maandalizi yanafuata hapo. Kwa kipindi cha ukavu lengo ni kuongeza siku za shamba kuvumilia: matandazo juu ya udongo, matuta yaliyofungwa kwa vizuizi ili mvua isitiririke, palizi ya mapema kwa kuwa magugu hunywa akiba ile ile, na kupanda kwa awamu ili shamba zima lisitoe mbelewele wiki moja. Maji ya kumwagilia yakiwa machache, yatunzwe kwa ajili ya wakati wa ndevu. Urea isiwekwe juu ya udongo wenye unyevu kidogo huku siku kavu zikitabiriwa, kwani sehemu ya naitrojeni yake hupotea hewani.

Mwanzo wa mvua nao una mtego wake. Wataalamu wengi huhesabu kwamba msimu umeanza zikinyesha angalau milimita 20 ndani ya siku 3, bila kufuatiwa na zaidi ya wiki moja kavu katika siku 30 zinazofuata. Sharti hilo la pili hujulikana baadaye, ndiyo maana ni busara kusoma utabiri wa siku 10 kabla ya kupanda, na kubakiza mbegu ya kurudishia.

Kwa ukame, matandazo peke yake hayatoshi, maana hakuna maji ya kuhifadhi. Hapo maamuzi hufanywa kabla ya kulima: mazao yanayovumilia kama mtama, mbegu zinazokomaa mapema, eneo dogo zaidi, malisho ya kuhifadhi, na kupunguza mifugo ingali na afya na bei.

Mwisho, kama unataka kukata bima ya mazao inayolipa kwa kufuata kipimo cha mvua, soma mkataba kabla ya kusaini. Angalia kama mkataba hulipa kwa idadi ya siku kavu zinazofuatana au kwa jumla ya mvua ya msimu, na kama siku za kutoa mbelewele zimo katika muda unaohesabiwa. Mkataba wa jumla ya msimu hautalipa hasara ya kipindi cha ukavu ikiwa mvua ya baadaye imefidia milimita zilizokosekana.