Kubeti mbio za baiskeli za hatua: mkeka wa njano, wa siku na wa kijani

Wengi tulianza kuifuatilia Tour de France, mbio za baiskeli za siku 21, kila siku hatua moja, mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua tatu na kurudi nyumbani na jezi ya kijani. Na wengi tulichana mikeka mwaka huohuo, kwa sababu tulibeti baiskeli kama tunavyobeti mpira: huyu yuko fomu, basi muweke kila mahali. Nitatumia Tour hiyohiyo kuonyesha kwa nini hilo haliendi.

1. Jua unachobeti kinapimwa na nini

Msimamo wa jumla, yaani jezi ya njano, ni muda. Sekunde za siku zote 21 zinajumlishwa, mwenye chache ndiye bingwa. Anaweza asishinde hatua hata moja. Mshindi wa hatua ni nani katangulia kuvuka mstari wa mwisho siku hiyo, basi. Jezi ya kijani ni pointi: kwenye hatua ya tambarare wa kwanza anapata 50, wa pili 30, wa tatu 20, halafu zinashuka taratibu. Hatua za milima mikubwa zinatoa 20 tu kwa mshindi. Tena karibu kila siku kuna mstari wa katikati ya njia wenye pointi 20, 17, 15, 13, 11, 10 na kuendelea hadi 1 kwa mtu wa kumi na tano.

Sasa angalia ajali moja inavyogusa vipimo hivyo vitatu. Hatua ya 16, Nîmes, Girmay alianguka zikiwa zimebaki chini ya kilomita 2. Kanuni inasema ukianguka ndani ya kilomita 3 za mwisho kwenye hatua ya tambarare, unapewa muda wa kundi ulilokuwa nalo. Kwa hiyo kwa upande wa muda hakupoteza kitu. Mkeka wa hatua ulikufa palepale. Kwenye pointi, mstari wa mwisho haukumpa hata moja, na Jasper Philipsen aliyeshinda akachukua 50 zote.

Siku tano kabla, hatua ya 12, Primož Roglič alianguka zikiwa zimebaki kama kilomita 12. Huko kanuni haifiki. Alipoteza zaidi ya dakika 2, kesho yake hakuanza, na kila aliyembeti kwenye msimamo wa jumla akawa ameliwa. Kanuni hiyo pia haifanyi kazi pale hatua inapoishia juu mlimani, wala kwenye mbio za mmojammoja dhidi ya saa.

2. Kwa mshindi wa hatua, anza na waliochomoka

Kabla ya kuuliza nani ana kasi, uliza kama kundi kubwa litafika pamoja, au wachache waliochomoka mbele yake mapema watafika bila kukamatwa. Fungua ramani ya hatua, tazama kilomita 50 za mwisho. Kama ni tambarare na timu tatu nne zina mkimbiaji wa mwisho mwenye kasi, zitagawana kazi ya kufukuza. Kama kuna vilima na ni wiki ya tatu, nani atafukuza? Hatua ya 18 kwenda Barcelonnette, Victor Campenaerts alishinda kutoka kundi lililochomoka, na wenye jezi kubwa wakaingia zaidi ya dakika 13 baadaye, hawana haraka. Si kwamba walishindwa kuwakamata. Hawakuwa na sababu.

Halafu piga hesabu kwa kuzidisha. Tuseme mimi naona nafasi ya kundi kufika pamoja ni 0.70. Wakifika pamoja, mtu wangu anashinda mara 35 kwa 100. Nafasi ya kufika mita za mwisho bila kuanguka au kuzuiwa na ajali ya mwenzake naiweka 0.93. Jumla ni 0.70 × 0.35 × 0.93, karibu 0.23. Odi ya haki ni 1 gawanya kwa 0.23, yaani kama 4.4. Kampuni ikinipa 3.00, napita. Makosa ya wengi ni kuishia kwenye ile 0.35.

Anayebeti mbio zikiendelea ashike kanuni ya zamani ya Wafaransa, ya Chapatte: kundi linaweza kufuta kama dakika 1 kila kilomita 10. Waliochomoka wana dakika 3 na zimebaki kilomita 20? Odi ya mkimbiaji wa kasi inadanganya.

3. Jezi ya kijani: hesabu pointi zilizobaki

Hapa ndipo napapenda, kwa sababu soko huogopa haraka. Baada ya Nîmes, Girmay alibaki mbele ya Philipsen kwa pointi 32, ana majeraha. Zilibaki hatua tano: ya 17, 19 na 20 zinaishia juu, ya 18 ni ya vilima, ya 21 ni dhidi ya saa. Kwa wakimbiaji wa kasi, hilo lina maana pointi za kweli ziko kwenye mistari minne ya katikati. Philipsen akishinda yote minne na Girmay awe wa pili kila mara, anapunguza 3 kwa siku, jumla 12. Haitoshi. Na watu kumi wakichomoka mapema wanakula pointi kubwa zote. Anayefika wa kumi na moja anapata 5, wa kumi na mbili 4. Kwa hiyo waliochomoka, wanaokuua kwenye mkeka wa hatua, wanamlinda anayeongoza kijani.

Kilichobaki kumtisha ni kujitoa, au kuchelewa mlimani kupita muda wa mwisho na kuondolewa. Hilo ndilo ulilopaswa kulipima, si kasi yake. Alimaliza na 387 dhidi ya 354.

Maswali ya wanachama

*Chuma cha Reli:* Mkuu, mtu wangu akijitoa siku ya tano, narudishiwa dau?

Kwa msimamo wa jumla na jezi, kampuni nyingi zinasema akishaanza mbio, dau liko hai, akijitoa umeliwa. Kwa hatua, asipoanza siku hiyo mara nyingi linarudi. Soma kanuni za kampuni yako kabla. Mimi niliwahi kudhani, nikalipia.

*Mama Nuru:* Shikamoo mwalimu. Naweza kuweka mshindi wa hatua na jezi ya kijani mkeka mmoja?

Marahaba mama. Kampuni nyingi zinakataa, kwa kuwa mambo hayo yamefungamana. Hata ikikubali, ajali moja inaua vyote viwili. Yaweke mbali, na dau la hatua liwe dogo.

*Fundi Spoku:* Na yale mambo ya mtu kuvuka wa pili halafu anashushwa?

Kaka, hilo ndilo lililoamua ile jezi. Hatua ya 6, Dijon, Philipsen alivuka wa pili nyuma ya Dylan Groenewegen, waamuzi wakamshusha hadi nyuma ya kundi kwa kuhama njia yake wakikimbilia mwisho. Girmay akapanda toka wa tatu hadi wa pili. Girmay akaongeza 10, Philipsen akakosa 30, tofauti ya 40. Mwisho wa mbio walipishana 33. Usishangilie mkeka mpaka matokeo rasmi yatoke.