Spora za Bacillus: kuziotesha, kuzipaka rangi, kisha kuzipima kwa joto na dawa

Mwanafunzi akiniuliza kwa nini spiriti haiui spora, simpi maelezo kwanza. Nampa slaidi apake rangi. Taabu atakayoipata kuiingiza rangi ndani ya spora ndiyo hiyohiyo inayoipata dawa, na akishaiona kwa macho yake, mengine yote yanaeleweka kwa urahisi. Nitafuata njia hiyohiyo hapa.

Hatua ya 1: Otesha, kisha waache bakteria washikwe na njaa

Tumia Bacillus subtilis kutoka kwenye akiba safi ya maabara. Usichote udongo wa malishoni ukidhani utakupa kitu kilekile, kwa sababu bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis, naye hukaa udongoni akiwa spora.

Panda kwenye aga ya virutubisho iliyoongezwa manganizi salfeti kidogo, kama miligramu 10 kwa lita. Manganizi ikikosekana, spora hutoka chache. Weka kwenye inkubeta kwa nyuzi 37 kwa siku 5. Siku moja kabla ya jaribio, panda sahani ya pili ili uwe pia na bakteria wachanga wa saa 18 hivi. Bila hao wachanga hutakuwa na cha kulinganisha nacho.

Chakula kikianza kwisha kwenye ile sahani ya kwanza, protini iitwayo Spo0A hupachikwa fosfeti na kuwasha jeni za kutengeneza spora. Seli hujigawa, lakini si katikati: ukuta hujengwa karibu na ncha moja, ukaacha chumba kidogo na kikubwa. Kile kikubwa hukimeza kidogo, na ndiyo maana spora changa ina utando maradufu. Kati ya tando hizo mbili hujengwa tabaka nene la peptidoglikani, yaani gamba la ndani. Nje yake huja magamba ya protini, moja juu ya jingine. Wakati huo kiini kinapoteza maji na kujazwa kalsiamu iliyoshikana na asidi ya dipikolini, ambayo peke yake hufikia takriban asilimia 10 ya uzito mkavu wa spora. Mwishowe seli kubwa hupasuka na spora hubaki huru. Kwa nyuzi 37 kazi yote huchukua takriban saa 8.

Seli moja hutoa spora moja tu. Kwa hiyo huku si kuzaana.

Hatua ya 2: Paka rangi

Tandaza tone jembamba la kila sahani kwenye slaidi yake, liache likauke, kisha pitisha slaidi juu ya moto ili bakteria washike. Funika kwa kipande cha karatasi ya kuchujia, ukilowanishe kwa malakaiti ya kijani ya asilimia 5, na uweke slaidi juu ya mvuke wa maji yanayochemka kwa dakika 5. Ongeza rangi kila karatasi inapoanza kukauka. Rangi ikikaukia kwenye slaidi hubaki chembe za kijani zilizotapakaa kila mahali, na mgeni huzihesabu kuwa spora. Spora halisi ni duaradufu, zote zina ukubwa unaokaribiana, na nyingine utazikuta bado zimo ndani ya seli.

Acha slaidi ipoe, isuuze kwa maji, kisha weka safranini ya asilimia 0.5 kwa dakika moja na usuuze tena. Tazama kwa lenzi ya mafuta. Sahani ya siku 5 itaonyesha spora za kijani, nyingi zikiwa huru, na mabaki ya seli nyekundu. Ile changa itakuwa nyekundu karibu yote.

Sasa angalia kilichotokea. Bila mvuke, malakaiti haiingii ndani ya spora vya kutosha. Ikishaingia, maji hayaitoi, ingawa kwenye seli za kawaida yanaitoa mara moja. Magamba ya nje na utando wa ndani ulioshikamana sana hauruhusu kitu kupita kirahisi, si kuingia wala kutoka.

Hatua ya 3: Pima joto

Koroga bakteria wa kila sahani kwenye maji safi yaliyochemshwa kwa otoklevu. Zamisha mirija kwenye beseni la maji ya nyuzi 80 kwa dakika 10. Dakika zianze kuhesabiwa pale kipimajoto kilicho ndani ya mrija wa maji matupu kinaposoma 80, na maji ya beseni yapite juu ya usawa wa kilichomo mrijani. Seli zilizoganda juu kwenye ukuta wa mrija hazipati joto, na ndizo zinazokuletea koloni za uongo.

Tuchukue mfano. Umepunguza sampuli ya siku 5 mara 100,000 na kupanda mililita 0.1. Kabla ya joto zinaota koloni 152, yaani 152,000,000 kwa mililita. Baada ya joto zinaota 128, yaani 128,000,000. Gawanya: takriban asilimia 84 ya waliokuwemo walikuwa spora. Sampuli changa ikipita kwenye joto hilohilo, inaota koloni chache mno ukilinganisha na hiyo.

Ukitaka kwenda mbele, chemsha sehemu nyingine ya sampuli ya siku 5 kwa nyuzi 100 kwa dakika 10. Koloni zitapungua, lakini bado zitaota. Joto lenye maji huua kwa kuharibu protini, na protini huharibika kwa urahisi zikiwa zimelowa. Kiini cha spora kina maji machache mno, na DNA yake imefunikwa na protini ndogo zinazoilinda. Ndiyo maana tunahitaji otoklevu: nyuzi 121 kwa dakika 15, mvuke ukiwa umefukuza hewa yote.

Hatua ya 4: Pima dawa

Weka mililita 0.1 ya spora kwenye mililita 9.9 za spiriti ya asilimia 70, subiri dakika 10, kisha punguza na upande. Zitaota karibu zote. Spiriti hufanya kazi kwa kuvuruga tando na protini zilizolowa, na kwa spora haifiki penye kitu hicho.

Rudia kwa klorini ya miligramu 5,000 kwa lita. Jiki ya asilimia 3.5 ina takriban 35,000, kwa hiyo changanya sehemu moja ya jiki na sehemu 6 za maji. Dakika 10 zikiisha, ongeza sodiamu thaiosalfeti kabla ya kupanda. Usipofanya hivyo, klorini itaendelea kuua juu ya aga na utaisifu dawa kwa kazi ambayo haikuifanya ndani ya muda ule. Klorini hula magamba ya protini na kuharibu utando wa ndani, hivyo spora ikijaribu kuota hufa. Lakini usaha, damu au kinyesi huimaliza kabla haijazifikia spora: osha kwanza, kisha weka dawa, na uitengeneze upya kila siku.

Kwa jamii ya Clostridium ujenzi wa spora ni huohuo kwa sehemu kubwa, ila seli zao hai haziwezi kuvumilia oksijeni. Clostridioides difficile husafiri wodini kutoka kitanda hadi kitanda akiwa spora tu. Kwa hiyo baada ya kumhudumia mgonjwa wa kuhara kwa bakteria huyu, jeli ya spiriti haitoshi. Vaa glavu unapomhudumia, ukimaliza zivue, kisha nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka: sabuni haiziui spora, inaziondoa mikononi zikaenda na maji.