Kuficha karata: mapatano ya kufanya kabla ya kugawa

Baraza letu liko Ngamiani, Tanga, kwenye moja ya zile barabara za namba, na karata zinatoka baada ya Isha, kahawa ikishapita mara ya kwanza. Tunacheza wahedi wa sitini, watu wanne, wawili kwa wawili, kila mtu akimtazama mwenzake. Meza yetu inatoa nane, tisa na kumi, zinabaki karata 40, kila mmoja anashika 10. Ree ina 11, saba (wazee wanaiita seti) ina 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2, na ndogo zote hazina kitu. Jumla yake 120, ndiyo maana mwenye 61 kashinda.

Sharti ni kwamba aina iliyofunguliwa ukiwa nayo, unaitoa. Kufunguliwa shupaza, wewe una shupaza mkononi, ukapiga turufu, yaani ile aina inayokula nyingine zote, au ukatupa pau, hapo umeficha. Haijalishi umekusudia au macho yamekudanganya. Ninayoandika hapa ni yale tunayopatana kabla ya kugawa, kwa sababu karata ikishafichwa kila mtu ana sheria yake, na sheria ya kila mtu inampa yeye ushindi.

Anzeni na karata zenyewe. Zihesabuni 40, kumi kwa kila aina: kopa, uru, shupaza, pau. Hili linaonekana la kitoto, lakini karata moja ikibaki ndani ya boksi au imeangukia kwenye mkeka, mtu atahesabu kichwani mwake, "shupaza zimetoka tisa, ya kumi iko kwa fulani," na atamtuhumu mtu asiye na kosa. Kisha tazameni mwanga. Kopa na uru zote nyekundu, shupaza na pau zote nyeusi, na pakiti iliyochakaa chini ya taa hafifu inawafanya mapacha. Dawa yake ni kuzipanga mkononi kwa kupishanisha rangi: shupaza, kopa, pau, uru. Anayeweka shupaza na pau bega kwa bega ndiye ninayemkuta amezificha usiku wa manane, naye wala hajui.

Jambo la pili ni namna ya kuweka zilizoliwa. Zile karata nne zinazotupwa kwa mzunguko mmoja nitaziita fungu. Watu wengi wakila fungu wanalirushia kwenye rundo, likachanganyika na mengine. Rundo namna hiyo halina ushahidi. Sisi kila fungu tunaliweka juu ya jingine kwa kupishana, moja limesimama, la juu yake limelala, na karata nne ndani yake zinabaki kwa mpangilio zilivyotupwa. Likitokea neno, tunarudi nyuma fungu kwa fungu tunaona nani alitupa nini. Anayevuruga rundo lake kabla halijakaguliwa, mashaka yote yanamwangukia yeye.

La tatu ni kuuliza. Tunaruhusu mtu yeyote mezani, hata mwenza, kumwuliza asiyefuata aina, "Huna shupaza, mwanangu?" Lakini swali liulizwe kila mara au lisiulizwe kabisa. Ukimwuliza mwenzako pale tu unapotaka atazame tena, ukanyamaza pale usipotaka, hiyo ni ishara, na ishara ni wizi mwingine.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, na kwanza ni saa yake. Patanisheni kosa linakuwa limepita lini. Mpaka wetu tumeuchukua kwenye mchezo wa karata wa briji, ambako mambo haya yameandikwa kwa urefu: kosa linakuwa limekamilika pale mkosaji au mwenza wake anapotupa karata kwenye fungu linalofuata. Kabla ya hapo, kosa linarekebishwa, na si hiari. Mwenye kuficha akigundua, lazima aseme. Anairudisha ile aliyokosea na kutoa ya aina iliyofunguliwa. Waliotupa baada yake upande wa pili wana haki ya kubadilisha za kwao, kwa sababu walitupa wakiamini jambo lisilo kweli. Mwenza wa mkosaji habadilishi, ila kama aliyetangulia kabla yake amebadilisha.

Na ile karata iliyorudishwa? Hairudi mkononi ikajificha. Imeshaonekana. Inalala wazi mbele ya mwenyewe, na anaitoa mara ya kwanza sheria inapomruhusu, atake asitake. Hiyo ndiyo adhabu yote ya kosa lililowahiwa. Mimi naona inatosha, maana turufu iliyolala wazi ni kama nusu ya turufu: kila mtu anajua iko wapi na anajua itatoka lini.

Kosa likishakamilika, hapo ndipo watu wanaposhikana mashati. Meza nyingine zina sheria fupi: aliyeficha kapoteza mchezo. Wareno, ambao maneno yetu ya kopa, uru, pau, shupaza na turufu yametoka kwao, wana ndugu ya mchezo huu, sueka, na kwao kuficha kwa desturi kunagharimu michezo minne. Sheria kali ina faida ya kutohitaji hesabu. Ubaya wake ni kwamba babu mwenye mtoto wa jicho anaadhibiwa sawa na mjanja, na jioni inaishia hapo.

Sisi tunarudisha haki kwa pointi. Hatua ya kwanza: fungu lililofichiwa linahamia upande wa pili, lote. Hatua ya pili, ambayo watu huisahau: angalieni kama kosa limeharibu zaidi ya fungu hilo. Nieleze kwa mchezo mmoja wa mwaka huu, maana bila namba haueleweki.

Mwalimu na fundi cherehani walikuwa pamoja, wakicheza na kijana wa bodaboda na mvuvi. Turufu ilikuwa kopa. Fungu la sita, mwalimu akafungua na ree ya shupaza. Kijana akapiga turufu, nne ya kopa. Fundi alikuwa na saba ya shupaza na mzungu wa pili wa shupaza. Kuona turufu imeshalala, akatupa mzungu wa pili, akiiokoa saba yake. Mvuvi naye, akijua fungu ni lao, akalinenepesha kwa mzungu wa nne wa shupaza ingawa alikuwa na sita ya shupaza. Fungu likawa na 11, sifuri, 2 na 4, yaani 17, likaenda kwa kijana.

Fungu la tisa mvuvi akafungua turufu. Kijana akatupa tano ya shupaza. Mwalimu akaweka mkono juu ya meza. "Ngoja kwanza. Hii ilikuwa wapi ree yangu ilipopita?" Kijana akaitazama ile karata kama anaiona leo. Ilikuwa imekaa ubavuni mwa pau zake.

Kwa mpaka wetu kosa lilikuwa limekamilika zamani. Kwa hiyo hatukurudisha karata yoyote; tulimaliza fungu la tisa na la kumi kama kawaida. Fungu la kumi mvuvi alifungua turufu yake ya mwisho, na fundi hakuwa na kitu kingine mkononi ila ile saba ya shupaza. Ikaliwa. Hesabu ikaja: kijana na mvuvi 80, mwalimu na fundi 40.

Kuhamisha fungu la sita kunatoa 17 upande mmoja na kuziongeza upande wa pili: 63 kwa 57. Aliyeficha bado kashinda! Hapo kijana alianza kukusanya karata achange. Tukamzuia, kwa sababu hatua ya pili ilikuwa haijafanyika.

Kama kijana angetoa tano yake ya shupaza, ree ya mwalimu ingesimama. Mvuvi alikuwa na shupaza, kwa hiyo naye asingeweza kupiga turufu. Fundi angempa mwenzake saba, pointi 10, na mzungu wa pili ndiye angebaki hadi fungu la mwisho na kuliwa. Basi saba inavuka kuja kwa mwalimu, mzungu wa pili anavuka kwenda kwa kijana: tofauti ni 8. Inakuwa 55 kwa 65.

Mvuvi akapinga, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema yeye asingetupa mzungu wa nne kwenye fungu la adui, angetupa sita. Tukamkubalia kwa ajili ya hesabu tu, tukamrudishia 4 zake: 59 kwa 61. Bado ni wahedi wa sitini, na ni ya mwalimu. Kijana naye akauliza kuhusu ile nne ya kopa, kwamba angebaki nayo na ingemfaa baadaye. Tukarudi kwenye rundo. Fungu la tisa ni mwenzake mwenyewe aliyefungua turufu na kulila, kwa hiyo nne ile ingetoka pale chini ya turufu kubwa, bila kubadilisha kitu.

Si kila mara inanyooka hivi. Fundi angeweza kuogopa kutoa saba kabla mvuvi hajatupa, na fungu la saba lingefunguliwa na mwalimu badala ya kijana, hata mchezo uliobaki ungekuwa mwingine. Haya hayapimiki. Ndiyo maana tunapatana mapema kwamba mashaka yakibaki, yanaamuliwa kwa faida ya asiyekosa, lakini ndani ya yale ambayo karata zilizopo zingeweza kufanya kweli. Huwezi kudai saba uliyoitoa kabla ya kosa.

Mwamuzi naye achaguliwe kabla. Kwetu ni muuza kahawa, kwa kuwa hachezi na anawadai wote. Madai yaletwe kabla karata hazijachangwa kwa mchezo unaofuata; zikishachangwa, ushahidi umekufa na malalamiko yanakufa nao. Na liko kosa moja ambalo hatulifanyii hesabu hata kidogo: mtu aliyegundua ameficha, kisha akaficha tena makusudi ili ile karata isionekane. Huyo anapoteza mchezo na anampisha mwingine kitini kwa usiku ule.

Haya yote tumeyaandika kwa kalamu ndani ya jalada la daftari la pointi, na mgeni akija kukaa tunamsomea kabla hajapewa karata. Usiku ule kijana alilipa kahawa ya watu watano, mwamuzi akiwemo, akaomba taa isogezwe upande wake.