Kutafsiri ikisiri za utafiti wa udongo kwa maafisa ugani: kazi iko kwenye kilo

Nimetoka kumsaidia mwenzangu kutafsiri ikisiri ya jaribio la mbolea kwenye mahindi. Sentensi hazikutusumbua sana, vipimo ndivyo vilivyotuweka macho.

Hatua ya 1. Pakua makala nzima. Ikisiri haikwambii mbolea gani ilitumika wala pH ilipimwaje. pH iliyopimwa kwenye myeyusho wa chumvi ya KCl kwa kawaida husoma chini kuliko iliyopimwa kwenye maji, mara nyingi kwa nusu nzima au zaidi. Usipotaja kwamba ni ya KCl, bwana shamba ataona udongo ni mchachu kuliko ulivyo na kushauri chokaa isiyohitajika.

Hatua ya 2. Anza na matokeo, kisha aina ya udongo. Usuli mimi huufupisha uwe sentensi moja.

Hatua ya 3. Geuza vipimo. Hapa usiharakishe.

Tuseme ikisiri inasema mahindi yaliwekewa 20 kg P/ha. Hiyo ni fosforasi tupu. Kwenye mfuko wa mbolea, asilimia huandikwa kwa P2O5, yaani fosforasi pamoja na oksijeni, kwa hiyo zidisha kwanza kwa 2.29: unapata kilo 45.8 za P2O5. Mbolea ya TSP ina asilimia 46 ya P2O5, basi gawanya kwa 0.46, inakuja karibu kilo 100 za TSP kwa hekta. Hekta ni ekari 2.47, hivyo ekari moja inataka kilo 40, yaani mfuko wa kilo 50 unabaki na kilo kumi.

Ukiruka ile 2.29 utapata kilo 18 hivi kwa ekari, chini ya nusu, na hakuna atakayeshtuka kwa sababu nayo inaonekana ni namba ya kawaida. Lakini baadhi ya waandishi huripoti P2O5 moja kwa moja. Hapo ukizidisha tena unamtwika mkulima mbolea zaidi ya mara mbili. Ikisiri ikiandika tu "fosforasi kilo 20", fungua sehemu ya mbinu utafute jina la mbolea na kiasi chake, urudishe hesabu kinyumenyume. Na kama dukani kuna DAP badala ya TSP, fosforasi ni ileile, ila kila kilo 100 zinaongeza kilo 18 za naitrojeni. Liseme hilo kwenye tafsiri.

Hesabu hizi nazifanya kwa kalamu pembeni ya ukurasa. Jedwali la kompyuta hukuficha kosa.

Malizia kwa shimo. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, hekta ina mashimo 22,222, kwa hiyo ni gramu 4.5 za TSP kila shimo. Usiandike "kisoda kimoja" kabla ya kupima kisoda cha mbolea hiyohiyo kwenye mizani.

Hatua ya 4. Mpe afisa ugani mmoja asome, kisha muulize ekari moja ataiwekea kilo ngapi za TSP. Akijibu kilo 20, rudi hatua ya 3.